Barua pepe 43, swali moja la Kifaransa

Mkurugenzi mkuu aliyeko Lubumbashi hasomi mfululizo wa barua pepe 43. Amewekwa kwenye nakala tangu barua ya kwanza, anauona mfululizo ukipanda juu ya kioo cha simu kila mtu anapojibu, na anangoja mtu mmoja amwambie anachotakiwa kufanya. Mara nyingi mtu huyo yuko Dar es Salaam, katika ofisi inayoshughulikia mizigo ya transiti. Anaongea Kiswahili na wakala wa forodha, anaandikiana Kiingereza na kampuni ya meli, na kwa bosi inampasa aandike Kifaransa. Akiandika vibaya atajibiwa « Bien noté », maana yake bosi ameipokea habari na hajaamua lolote, na siku za kontena zinaendelea kuhesabiwa.

Wengi wanaopewa kazi hii huanza kwa kuufupisha mfululizo. Huchukua barua ya kwanza wakaandika sentensi moja, ya pili sentensi moja, hadi wafike mwisho. Kinachotoka ni mfululizo uleule uliopungua unene: unaanza pale mambo yalipoanza, na jambo linalomhusu bosi liko mstari wa mwisho, au halipo kabisa kwa sababu hakuna aliyeliandika waziwazi. Shule nayo ina mchango wake. Aliyesomeshwa kwa Kifaransa, awe wa Bujumbura au wa Bukavu, alifundishwa kuandika insha yenye utangulizi, hoja, hoja pinzani, kisha hitimisho, na alama alizipata kwa kutokimbilia hitimisho. Mpangilio huo unamfaa mtahini aliyelipwa asome hadi mwisho. Mkurugenzi anayesoma akiwa ndani ya gari kati ya vikao viwili anaweza kuishia mstari wa tatu.

Tuchukue mzigo mmoja na kuufuata mpaka ujumbe uandikwe. Nimeutunga mfano huu na hesabu zake, lakini kila kipande chake kitatambuliwa na anayefanya kazi kwenye njia ya Dar, Tunduma, Zambia hadi mpaka wa Kasumbalesa. Makontena 4 ya futi 40 yamebeba vipuri vya kinu cha kusagia mawe ya shaba. Yapo kwenye bandari kavu ya Dar es Salaam. Siku ambazo kampuni ya meli inaruhusu kontena likae bila malipo zinaisha Ijumaa tarehe 14 Machi. Malori yenye trela za kubebea kontena yamechelewa, yatapatikana Jumanne tarehe 18. Wakala amependekeza njia nyingine: mzigo utolewe kwenye makontena palepale Dar, upakiwe kwenye malori ya kawaida yenye turubai, na makontena matupu yarudishwe kwa mwenyewe siku hiyohiyo. Leo ni Jumanne tarehe 11. Watu 7 wamejadiliana kwa siku 9, kwa lugha tatu.

Mfululizo wa namna hii husomwa kuanzia barua ya mwisho kurudi nyuma, na unaposoma unatafuta kitu kimoja: swali ambalo halijajibiwa na ambalo kati ya wote walioandika hakuna mwenye mamlaka ya kulijibu. Mengi yatakayoonekana makubwa yatakuwa yameshafungwa. Katika mfano wetu, barua 15 hivi zinahusu FERI, ile fomu ya kielektroniki ya taarifa za mzigo ambayo Congo inaidai kabla bidhaa haijaingia nchini. Namba moja ya kontena ilikosewa, watu wakalaumiana, ikarekebishwa Ijumaa iliyopita. Kwa aliyeshiriki, hayo ndiyo yaliyokuwa mapambano ya wiki nzima, na mkono utamwasha ayaandike. Kwa mkurugenzi hayapo tena. Tozo za kuhifadhi mzigo nazo zimo katika bei ya wakala, njia yoyote itakayochukuliwa, kwa hiyo haziwezi kubadili uamuzi na hazina nafasi katika ujumbe. Kipimo ninachotumia ni hicho: kama jambo likibadilika na uamuzi ukabaki vilevile, liache.

Ukimaliza kuchambua, swali linalobaki ni moja. Je, makontena yafunguliwe Dar au yaende Lubumbashi yakiwa yamefungwa? Wakala hawezi kulijibu kwa sababu mzigo si wake. Mkuu wa usafirishaji hawezi kwa sababu kufungua kontena kunagusa bima na kunamgusa mkuu wa karakana, ambaye hayuko chini yake. Ni swali la mkurugenzi. Na hapa niseme jambo ambalo husahaulika: ukisoma hadi mwisho ukakuta swali lililo wazi linaweza kujibiwa na mkuu wa usafirishaji, usiandike ujumbe wowote kwa mkurugenzi. Mpelekee mwenye swali lake.

Baada ya swali huja pesa, na hapo ndipo muhtasari mwingi huharibika. Katika barua ya 6, mtu wa kampuni ya meli aliandika kwamba tozo ya kuchelewesha kontena ni dola 25 kwa siku. Katika barua ya 31, kwenye kiambatisho ambacho hakuna aliyekitaja, orodha rasmi ya bei inaonyesha dola 25 kwa siku kwa kila kontena. Tofauti hiyo inageuza uamuzi wote. Makontena yakiondoka Dar tarehe 18, yakafika, yakapakuliwa na kurudi matupu kama tarehe 12 Aprili, zitakuwa zimepita siku 29 baada ya muda wa bure. Kwa dola 25 za jumla, hiyo ni dola 725, na kufungua makontena kungekuwa upotevu. Kwa dola 25 za kila kontena, ni dola 100 kwa siku, jumla 2,900. Kutoa mzigo Dar kunagharimu dola 400 kwa kila kontena, yaani 1,600, pamoja na nyongeza ya bima ya dola 500. Jumla ni 2,100. Aliyefupisha barua moja baada ya nyingine angeichukua dola 25 ya barua ya 6, kwa kuwa ndiyo iliyorudiwa na watu watatu baadaye, na angemshauri bosi wake kinyume. Kila namba inayoingia katika ujumbe ifuatwe hadi kwenye hati iliyoizaa. Kurudiwa na watu wengi hakuifanyi kuwa kweli.

Kisha tarehe ya mwisho. Mfululizo mzima unataja Ijumaa tarehe 14, na mwandishi mvivu atamwandikia mkurugenzi kwamba jibu linahitajika kabla ya Ijumaa. Lakini Ijumaa ndiyo siku ya mwisho ya kurudisha makontena matupu. Kazi ya kutoa mzigo inachukua siku nzima, inafanywa mbele ya ofisa wa forodha, na wakala amesema ombi lake lazima liwasilishwe Alhamisi asubuhi. Barua za kuombea zinaandaliwa Jumatano jioni. Kwa hiyo jibu likija baada ya saa kumi jioni ya Jumatano kwa saa za Dar, njia ya pili imeshafungwa. Tarehe hiyo haimo katika barua hata moja kati ya zile 43. Anayeandika muhtasari ndiye anayeipata kwa kuhesabu kurudi nyuma, na bila hiyo muhtasari wake unamdanganya bosi kwamba bado ana siku mbili zaidi.

Sasa ndipo Kifaransa kianze. Ujumbe ungekuwa hivi:

```
Objet : DÉCISION avant mercredi 12/03, 15 h – ouverture de 4 conteneurs à Dar

Monsieur le Directeur général,

Autorisez-vous le dépotage des 4 conteneurs à Dar es Salaam
ce vendredi 14/03 ? Réponse nécessaire avant mercredi 12/03
à 15 h 00, heure de Lubumbashi.

Ma recommandation : oui. Coût : 2 100 USD, contre environ
2 900 USD de frais de détention si les conteneurs font
l'aller-retour (4 × 25 USD par jour, retour estimé au 12/04).

À savoir : l'assureur accepterait de couvrir le trajet hors
conteneur, mais nous n'avons pas encore son accord écrit.
Rien ne sera ouvert sans ce document. Le chef d'atelier
est contre : il craint la casse sur camion bâché.

Sans réponse de votre part, les conteneurs partiront
fermés le mardi 18/03.

Respectueusement,
```

Tuanze na kichwa cha barua. Simu inapoonyesha arifa, huonekana jina la mwandishi, kichwa, na maneno machache ya mwanzo. Katika Kifaransa cha ofisi za Congo huwezi kuyaacha maneno « Monsieur le Directeur général ». Kumwandikia bosi bila cheo chake ni kukosa adabu, na ujumbe wako utasomwa kwa hasira. Basi maneno machache yale ya mwanzo yameshaliwa na salamu. Ndiyo maana uamuzi na saa yake vimewekwa kwenye kichwa, mahali ambapo adabu haidai chochote. Sisi tuliolelewa kumjulia mtu hali kabla ya kumtuma tunavutwa kuongeza mistari miwili ya kutakiana afya njema. Katika ujumbe huu cheo mwanzoni na « Respectueusement » mwishoni vinatosha kubeba heshima yote. Salamu za nyumbani zina siku yake.

Mstari wa kwanza ni swali lenye alama ya kuuliza, na linaweza kujibiwa kwa neno moja. Wapo wanaopenda kuandika « Merci de bien vouloir décider », na hilo lina matatizo mawili. Linasikika kama agizo kutoka chini kwenda juu, na halisemi kinachoamuliwa ni nini. « Autorisez-vous » linamwachia mwenye mamlaka mamlaka yake, tena linamwezesha kujibu « Accord » akiwa bado amesimama. Ningeandika pia « Je sollicite votre accord pour » bila wasiwasi, kwa kuwa ni kauli inayokubalika ofisini, ila inachukua nafasi zaidi na inaficha kidogo kwamba kuna swali. Jambo moja halina mjadala: swali liwe moja tu. Ukiuliza kuhusu makontena na hapohapo ukauliza kuhusu msafirishaji wa mwezi ujao, utajibiwa « OK », nawe hutajua ni OK ya lipi.

Katika aya ya tatu kuna kitenzi ambacho ningependa msomaji akitazame kwa makini: « accepterait ». Meneja wa bima amesema kwa simu kwamba atakubali. Katika mfululizo, jambo hilo limo katika sentensi moja ya Kiswahili ya wakala, « bima wamesema sawa ». Kifaransa kina njia ya kusema kwamba habari imesikika na bado haijathibitishwa, nayo ni kukiweka kitenzi katika hali ya « conditionnel ». Magazeti ya Kifaransa hufanya hivyo kila siku, na msomaji aliyezoea lugha hiyo anaelewa mara moja kwamba mwandishi haweki sahihi yake chini ya habari hiyo. Ungeandika « accepte », ungekuwa umemwahidi bosi kitu ambacho huna. Katika muhtasari unaotoka kwenye lugha tatu, uhakika huongezeka kila unapovuka lugha: « nadhani watakubali » inakuwa « wamekubali », kisha inakuwa kifungu cha uamuzi. Kwa hiyo ninashika utaratibu mkali wa nyakati. Wakati uliopo ni wa yale yaliyo kwenye hati mkononi, « conditionnel » ni ya yale yaliyosemwa tu, na wakati ujao ni wa yale ambayo sisi wenyewe tutafanya, kama « Rien ne sera ouvert ». Na kwa kuwa « conditionnel » ina kazi hiyo, siitumii kwa upole. Ukiandika « le coût serait de 2 100 USD » ili usionekane mkali, bosi atauliza ni nani aliyekwambia hiyo bei.

Namba na saa zina mitego yake, nami nitaitaja ile tu inayouma. Sisi huandika 2,100 kwa mkato, lakini katika Kifaransa mkato hutenga senti, na « 2,100 USD » inaweza kusomwa kuwa dola mbili na senti kumi. Pengo ndilo linalotenga maelfu: 2 100. Gharama zikiwa za shilingi na kufika bilioni, Kifaransa huandika « milliard », kwa sababu « billion » ya Kifaransa ni milioni mara milioni. Kuhusu saa, mwisho tulioupata kwa kuhesabu ni saa kumi jioni Jumatano. Hiyo ni 16 h 00 ya Dar es Salaam, na Lubumbashi iko nyuma kwa saa moja, hivyo kwa mkurugenzi ni 15 h 00. Ukisahau saa moja, umempa saa moja ambayo haipo. Na kama unataka kumweleza kwamba malori yamechelewa, neno ni « retard ». Neno « délai », linalowavuta waliozoea Kiingereza, ni muda uliotolewa kufanya jambo, kwa hiyo « un délai de 4 jours » litamwambia bosi kwamba amepewa siku nne, wakati wewe ulitaka kumwambia kwamba amepoteza siku nne.

Sentensi kuhusu mkuu wa karakana ndiyo iliyonipa shida zaidi ya zote katika kuupanga ujumbe huu, na ndiyo ambayo wengi wangeifuta. Inapunguza nguvu ya pendekezo, inamfanya bosi asite, na mwandishi ameshasema « oui ». Lakini mkuu wa karakana naye yuko Lubumbashi, ana namba ya simu ya mkurugenzi, na katika mfululizo ameandika barua tano kupinga. Asipotajwa, atapiga simu mwenyewe Jumatano mchana, na mkurugenzi atajifunza kwamba muhtasari wa Dar unaficha wanaopinga. Kuanzia siku hiyo atalazimika kuufungua mfululizo kila mara ili ahakiki, na huduma nzima imekufa. Pingamizi liandikwe kwa maneno ambayo mwenyewe akiyasoma atakubali kwamba ni yake. « Il craint la casse sur camion bâché » ni hoja yake kweli. « Il reste réticent » ingemchora kama mtu mgumu na kuificha sababu.

Na mstari wa mwisho, unaoanza na « Sans réponse », si tishio. Mtu mwenye shughuli nyingi hujibu kwa kunyamaza pia, na ni haki yake kujua ukimya wake utafanya nini. Hapa ukimya unaangukia upande usioharibu kitu: makontena yanabaki yamefungwa na kampuni inalipa tozo. Nisingekubali kamwe kuandika kwamba bila jibu tutafungua, kwa sababu mzigo ukishatolewa haurudishwi katika hali yake ya awali, na ukimya wa bosi haupaswi kufanya jambo lisilorudishwa.

Ujumbe kama umefaulu au haukufaulu utaonekana kwenye jibu. « Bien noté » au « Bien reçu » ina maana umeandika taarifa, swali halikuonekana. « Et ça coûte combien ? » ina maana pesa ilikuwa mbali na swali. « On en parle » huwa na maana kwamba swali halikuiva: kuna njia ya tatu aliyoiona ambayo hukuitaja, au kuna mtu asiyemwamini katika habari hiyo. Hapo usimtumie maelezo marefu zaidi. Mpigie simu, sikiliza anauliza nini, kisha andika upya mistari miwili ya mwanzo. Zipo pia habari ambazo umbo hili haliziwezi. Ugomvi kati ya wakuu wawili wa idara, au tuhuma kwamba mfanyakazi amepokea kitu kidogo mpakani, havikubali kugeuzwa kuwa swali la ndiyo au hapana, na kuviandika hivyo ni kumhukumu mtu kwa mistari sita.

Tuseme Jumatano saa 14 h 20 ya Lubumbashi linaingia jibu: « Accord si l'assureur confirme par écrit. » Kazi ya muhtasari haijaisha, kwa sababu mkurugenzi amemjibu mtu mmoja, na watu 6 wengine hawajui. Sasa unarudi kwenye mfululizo na kuandika barua ya 44, kwa lugha ambayo walio kwenye bandari kavu wanaitumia: uamuzi, sharti lake, na jina la anayesubiriwa. « Mkurugenzi amekubali tutoe mzigo Ijumaa, ila kwa sharti kwamba bima wathibitishe kwa maandishi. Wakala aandae ombi la forodha leo lakini asiliwasilishe mpaka barua ya bima ifike, mwisho kesho saa tatu asubuhi. » Mkuu wa karakana awekwe kwenye nakala. Sharti lile dogo la « si l'assureur confirme » ndilo la kwanza kupotea kwenye safari ya kurudi kutoka Kifaransa kuja Kiswahili, maana anayesubiri ruhusa huisikia ruhusa na kuacha mengine. Kwa hiyo liwekwe ndani ya sentensi ileile yenye neno amekubali, kusiwe na nukta kati yake.